Kinachotangulia Kukatwa: NSSF, Kikomo cha Mapato na Kodi ya Mshahara Wako

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, ndugu zangu wanachama, hamjambo.

Katibu alinipa maswali mliyoyaandika, na zaidi ya nusu ya karatasi zile zilikuwa na swali moja lililoulizwa kwa namna tofauti: zile pesa za NSSF zinazokatwa kila mwezi, je, zinakatwa kabla ya kodi kupigwa au baada ya kodi kupigwa? Na mbona mwezi wa pili mwaka huu wa 2026 wengine wamekatwa zaidi na wengine hawakuguswa? Nimefanya kazi ya kuandaa mishahara katika mahoteli ya hapa Pwani ya Kenya kwa miaka mingi, na ninaona maswali haya mawili yameshikana, kwa hiyo nitayajibu kwa pamoja.

Nianze na la pili. Wapo hapa wanaokumbuka enzi za shilingi 200. Ulipe mshahara wa msimamizi au wa mfagiaji, mfanyakazi alikatwa shilingi 200, mwajiri akaongeza 200, basi. Sheria mpya ya NSSF ilitungwa mwaka 2013, lakini ilikwama mahakamani karibu miaka kumi, hadi uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Februari 2023 ulipofungua mlango wa kuitekeleza. Sheria hiyo inasema kwamba mfanyakazi atachanga asilimia 6 ya mapato yake na mwajiri atachanga asilimia 6 nyingine. Ila haikusema asilimia 6 ya mapato yote. Iliweka kikomo cha juu, yaani kiasi cha mapato ambacho ukikivuka, shilingi inayozidi haihesabiwi tena katika mchango.

Kikomo hicho hakikuwekwa siku moja kikatulia. Sheria ilikipandisha kwa hatua za mwaka mmoja mmoja, ikikifunga na wastani wa mapato ya taifa: mwaka wa kwanza nusu ya wastani, mwaka wa pili wastani wenyewe, mwaka wa tatu mara mbili, mwaka wa nne mara tatu. Ndiyo maana mwaka 2023 kikomo kilikuwa shilingi 18,000, mwaka 2024 kikawa 36,000, mwaka 2025 kikawa 72,000, na tangu Februari mwaka huu ni 108,000. Asilimia 6 ya 108,000 ni shilingi 6,480, na hakuna mfanyakazi anayepaswa kukatwa zaidi ya hapo kwa mwezi, awe analipwa 108,000 au awe analipwa milioni moja.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwisho wa Februari katika ofisi yangu. Walikuja watu wawili siku moja. Wa kwanza ni mpishi, mshahara wake 60,000. Alikuwa amesikia redioni kwamba NSSF imepanda, akaja kuuliza kwa nini yake haikupanda, na kama kuna mtu anayemzuilia haki yake. Nikamwambia, kaka, wewe ulikuwa chini ya kikomo cha mwaka jana na bado uko chini ya kikomo cha mwaka huu. Mwaka jana ulichanga asilimia 6 ya 60,000, ambayo ni 3,600, na mwaka huu ni hizo hizo 3,600. Kilichobadilika kwako ni mgawanyo tu. Mchango huu una ngazi mbili: ya kwanza ni asilimia 6 ya shilingi 9,000 za mwanzo, ambayo ni 540, na ya pili ni asilimia 6 ya zile zinazofuata hadi kufikia kikomo, ambayo kwake ni 3,060. Ukijumlisha unapata 3,600. Kupanda kwa kikomo hakumgusi aliye chini yake.

Wa pili ni dada anayesimamia upande wa mapokezi, mshahara wake 90,000. Huyu alikuwa juu ya kikomo cha mwaka jana. Januari alichanga asilimia 6 ya 72,000, yaani 4,320. Februari mshahara wake wote uliingia ndani ya kikomo kipya, akachanga asilimia 6 ya 90,000, yaani 5,400. Mchango umeongezeka kwa 1,080. Lakini alipotazama pesa zilizoingia benki aliona zimepungua kwa 756 tu, na hilo ndilo lililomleta. Hakuja kulalamika kwamba amekatwa sana. Alikuja kwa sababu hesabu haikumwingia akilini, na alitaka kujua zile 324 zilizobaki zimetoka wapi.

Ndugu zangu, katika zile shilingi 324 ndimo lilimo jibu la swali lenu la kwanza. Zimetoka kwenye kodi yake, ambayo imeshuka kwa 324. Na imeshuka kwa sababu, katika sheria yetu ya Kenya, mchango wa NSSF hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe juu ya kinachobaki.

Tuifanye hesabu nzima pamoja, tena kwa mshahara wa yule mpishi, maana ni mshahara ulio karibu na wa wengi humu. Analipwa 60,000. Yanatangulia makato matatu. NSSF ni 3,600. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,650. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 900. Haya mawili ya mwisho hayana kikomo cha juu, na yamekuwa yakitolewa kabla ya kodi tangu mabadiliko ya sheria ya mwisho wa Desemba 2024. NSSF ilikuwa ikitangulia kodi tangu zamani. Jumla ya makato hayo ni 6,150. Ondoa katika 60,000, inabaki 53,850. Hiyo 53,850 ndiyo mapato yanayotozwa kodi, na hiyo peke yake ndiyo inayoingia kwenye ngazi za kodi.

Ngazi zenyewe mnazijua. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, inakuwa 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, inakuwa 2,083 na senti 25. Kuanzia hapo hadi mapato yafike 500,000, kila shilingi hutozwa asilimia 30. Mpishi wetu amebakiwa na 21,517 katika ngazi hiyo ya tatu, na asilimia 30 yake ni 6,455 na senti 10. Jumla ya kodi ni 10,938 na senti 35. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400 ambayo kila mkazi mlipa kodi anapewa, inabaki 8,538 na senti 35. Hiyo ndiyo PAYE yake. Anachopeleka nyumbani ni 45,311 na senti 65.

Tujiulize: ingekuwaje kama NSSF ingekatwa baada ya kodi? Mapato yanayotozwa kodi yangekuwa 57,450 badala ya 53,850. Zile 3,600 zilizorudi zingeingia wapi? Hazingeingia kwenye ngazi ya asilimia 10, kwa kuwa ngazi hiyo imeshajaa. Hazingeingia kwenye ngazi ya asilimia 25, nayo imeshajaa. Zingeketi juu kabisa, kwenye asilimia 30, na kodi ingeongezeka kwa 1,080. Kwa hiyo mchango wa 3,600 unaoonekana kwenye hati ya mshahara umempunguzia mpishi 2,520 mkononi, na hizo 1,080 nyingine ni kodi ambayo hakulipa.

Naomba mlishike hili, kwa kuwa wengi hulikosea: kinachotolewa kabla ya kodi hutolewa kutoka juu ya mshahara, na nafuu yake hupimwa kwa kiwango cha ngazi ya mwisho uliyoifikia. Ndiyo sababu yule dada wa mapokezi aliona 324: ni asilimia 30 ya 1,080. Na katika akaunti yake ya NSSF hazikuingia 1,080 tu, kwa sababu mwajiri naye alilazimika kuongeza 1,080. Mkono wake umepungua kwa 756, akaunti yake imeongezeka kwa 2,160. Sehemu ya mwajiri haitoki kwenye mshahara wako, kwa hiyo usiitoe mara ya pili unapohesabu mapato yanayotozwa kodi.

Lipo kosa ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja, na ninalieleza kwa uzito kwa sababu liliwaumiza watu. Katika mahali pamoja nilipowahi kuitwa kusaidia, karani wa mishahara alikuwa kijana mwenye bidii, lakini alifundishwa kwamba NSSF "inapunguza kodi", naye akayachukua maneno hayo kama yalivyo. Alihesabu kodi juu ya mshahara pamoja na NSSF ndani yake, kisha akaichukua 3,600 akaiondoa katika kodi yenyewe, kama inavyoondolewa nafuu ya kibinafsi. Kwa mshahara kama wa mpishi wetu, kodi ya 9,618 na senti 35 ilishuka ikawa 6,018 na senti 35, wakati kodi ya haki ilikuwa 8,538 na senti 35. Kila mwezi zilipungua 2,520. Wafanyakazi walifurahi, maana mshahara wa mkononi ulikuwa mnono. Kosa lilipogunduliwa, deni lilikuwa limekua kwa miezi mingi, na Mamlaka ya Ushuru humdai mwajiri kodi aliyopaswa kuikata pamoja na adhabu na riba. Mwajiri akataka kuirudisha ile kodi kutoka kwenye mishahara, na familia ambazo hazikufanya kosa lolote zikabanwa. Mchango hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Hauondolewi katika kodi yenyewe. Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini kwa mtu mmoja ilikuwa 2,520 kwa mwezi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kusema kweli, linanigusa moyo. Je, kutangulia huku kwa NSSF kunamfaidi kila mtu sawa?

Yuko mama mmoja, mwalimu wa chekechea, jirani yangu. Analipwa 20,000. NSSF yake ni 1,200, na haiko karibu na kikomo chochote. Aliniuliza kwa nini anaambiwa mchango wake una nafuu ya kodi ilhali haioni. Tukahesabu naye mezani kwake. Baada ya NSSF 1,200, SHIF 550 na ada ya nyumba 300, mapato yake yanayotozwa kodi ni 17,950. Asilimia 10 yake ni 1,795. Nafuu ya kibinafsi ni 2,400, kwa hiyo kodi yake ni sifuri. Tukahesabu tena bila kutoa chochote: asilimia 10 ya 20,000 ni 2,000, nayo pia inamezwa yote na nafuu ya 2,400. Sifuri tena. Kwake yeye, kutoa NSSF kabla ya kodi au baada ya kodi ni mamoja, na ile sehemu ya nafuu isiyotumika harudishiwi. Anachanga 1,200 na mkononi zinapungua 1,200 kamili. Faida yake ya kweli ni ile 1,200 ya mwajiri, na ndiyo maana nilimsihi ahakikishe mwajiri anaipeleka kila mwezi.

Mlinganishe na meneja anayelipwa 200,000. Kikomo kinamsimamisha kwenye 108,000, kwa hiyo anachanga 6,480. Hiyo ni asilimia 3.24 ya mshahara wake, wakati mwalimu wetu anachanga asilimia 6 kamili. Kisha katika hizo 6,480, kodi yake inapungua kwa 1,944. Wapo wanaosema kikomo kimewekwa kuwapendelea wenye mishahara mikubwa. Mimi ninaona ukweli una pande mbili. Ni kweli sehemu ya mshahara inayochangwa hupungua kadiri mshahara unavyopanda. Lakini fedha hizi huingia kwenye akaunti ya mchangaji mwenyewe, kwa hiyo kikomo kinazuia pia kiasi ambacho mwenye mshahara mkubwa anaweza kuwekeza humo bila kutozwa kodi, pamoja na kiasi ambacho mwajiri analazimika kumwongezea. Kinachonisumbua mimi ni mwalimu yule: mlango wa nafuu umefunguliwa mahali ambapo yeye hafiki.

Na meneja naye ana kikomo cha pili, ambacho wengi hukichanganya na kile cha kwanza. Cha kwanza, cha 108,000, ni kikomo cha mapato yanayochangiwa. Cha pili ni kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kutolewa kabla ya kodi, nacho hujumlisha NSSF na mfuko wowote wa pensheni uliosajiliwa. Zamani kilikuwa 20,000 kwa mwezi, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 30,000. Tuseme meneja huyu anachanga 25,000 katika mfuko wa pensheni wa kampuni juu ya zile 6,480. Jumla ni 31,480. Zinazotangulia kodi ni 30,000. Zile 1,480 zinazozidi zitakwenda kwenye mfuko kama kawaida, lakini kodi ya asilimia 30 itapigwa juu yake. NSSF peke yake, kwa kikomo cha sasa, haiwezi kukufikisha kwenye 30,000, kwa hiyo asiye na mfuko mwingine asihangaike na kikomo hiki.

Wengi wenu mna ndugu nje, nanyi hulinganisha hati za mshahara kwenye simu, kwa hiyo nitasema kidogo. Kuwepo kwa kikomo ni jambo moja na kutangulia kodi ni jambo lingine, na kila nchi imeyapanga kivyake. Jirani zetu wa Uganda hukatwa asilimia 5 ya mshahara bila kikomo cha juu, lakini kodi yao huhesabiwa juu ya mshahara wote, kana kwamba ile asilimia 5 haijatoka. Tanzania hakuna kikomo pia, ila mchango wa mfanyakazi katika mfuko ulioidhinishwa hutolewa kabla ya kodi, kama kwetu. Binamu yangu anafanya kazi ya uuguzi Marekani. Huko mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 hadi kikomo cha dola 184,500 kwa mwaka huu, lakini mchango huo haupunguzi hata senti moja ya mapato yanayotozwa kodi na serikali kuu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pesa ya uzeeni "kwa kawaida" hutangulia kodi, au haitangulii, muulize kwanza ni nchi gani.

Tumalizie na hati zenu wenyewe, maana ndizo mlizokuja nazo. Tafuta mstari unaoonyesha mapato yanayotozwa kodi. Chukua mshahara kabla ya makato, toa NSSF yote, toa SHIF, toa ada ya nyumba, na mchango wa pensheni kama unao. Unapaswa kuupata ule mstari. Usipoupata, angalia tofauti ni kiasi gani, kwa sababu tofauti yenyewe hukuambia kosa liko wapi. Ikilingana na NSSF yote, basi NSSF inakatwa baada ya kodi. Ikilingana na ngazi ya pili peke yake, basi programu ya mishahara imewekewa ngazi ya kwanza kutangulia kodi na ya pili imeachwa nyuma. Hili nimeliona kwa macho yangu tangu michango igawanywe katika mistari miwili. Kwa mpishi wetu lingemfanya alipe kodi ya ziada ya 918 kila mwezi. Na kama unalipwa 108,000 au zaidi na NSSF yako ya Machi bado inasoma 4,320, mwajiri wako bado anatumia kikomo cha mwaka jana, na sehemu yake nayo imepungua vilevile.

Mwaka ukiisha, mwajiri anakupa fomu ya P9, na humo kuna safu ya pensheni yenye sehemu tatu zilizoandikwa E1, E2 na E3. Ya kwanza ni asilimia 30 ya mshahara wa msingi, ya pili ni kiasi ulichochanga kwa kweli, na ya tatu ni kile kikomo cha 30,000. Kinachoruhusiwa kutolewa ni kilicho kidogo kuliko vyote vitatu. Kwa mpishi ni 18,000, 3,600 na 30,000, kwa hiyo ni 3,600. Ukikuta E2 yako ni ndogo kuliko jumla ya NSSF uliyokatwa miezi yote, mwombe mwajiri arekebishe P9 hiyo kabla hujawasilisha taarifa yako ya kodi, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Ukishaiwasilisha ikiwa na kosa, kuirekebisha kunawezekana, lakini utaanza kwa kumwomba mwajiri arekebishe ya kwake, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa.

Mwenyekiti ameniruhusu kubaki hadi saa kumi. Wenye hati za Januari na Februari tuziweke hapa mezani, tuzisome moja baada ya nyingine, na tuanze na wanaolipwa zaidi ya 72,000, kwa kuwa hao ndio ambao hesabu zao zimebadilika.